Methali kwenye salamu za sikukuu: anayevumilia ni nani?

Najua nimeadimika. Testi zilitukaba koo, na bumu nalo likachelewa mpaka tukaanza kuangaliana vibaya kwenye foleni ya chai. Tuyaache hayo. Leo sina umbea wa hosteli. Nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa salamu.

Sikukuu zikikaribia tu, simu zetu zinageuka kitabu cha methali cha darasa la tano. Kila mtu ghafla anawafahamu wahenga. Mtu ambaye mwaka mzima anakuandikia "mambo" na "poa", tarehe 24 Desemba jioni anakushushia aya nzima: wahenga walisema hivi, Mwenyezi Mungu akujaalie vile, afya, amani, furaha, mafanikio, maisha marefu, baraka tele, Amina. Unaisoma mpaka mwisho ukitafuta jina lako. Halimo.

Chumbani kwetu tuko wanne na suala hili limetugawa. Mwenzetu mmoja, mtu wa Songea, ana msimamo mkali: methali zote zitolewe kwenye salamu, zimechuja kama majani ya chai yaliyochemshwa mara ya tatu. Andika "Krismasi njema", kalale. Mwingine, ndugu yetu wa Tanga, anasema salamu isiyo na methali wala dua haina tofauti na meseji ya benki. Mimi wa Bariadi nasema wote wawili wanatazama mahali pasipo. Wanayapima maneno, kama ni mapya au yamechakaa. Maneno hayana kosa! Tazama nani anamwambia nani, na kati yao ni yupi anayebeba mzigo ambao methali inauagiza.

Nawapa kisa, tena nilikuwepo.

Krismasi ya 2019 nilikuwa kidato cha tatu, likizo niko kwa mjomba Dutwa, kwenye ile barabara ya kutoka Bariadi kwenda Lamadi. Kwa msioijua Simiyu, kwetu pamba ndo kalenda. Inapandwa kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba, inachumwa mvua zikishaisha, na soko linafunguliwa kama mwezi wa tano hivi. Hela ya pamba ndo ada, ndo bati, ndo mahari, ndo ubwabwa wa Krismasi. Sasa mwaka ule bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, halafu bei ya dunia ikashuka. Wanunuzi wakaanza kusuasua. Wakulima wengi wakapeleka pamba kwenye chama cha msingi, ikapimwa, ikaandikwa, wakarudi nyumbani na karatasi. Mjomba alikuwa amepeleka kilo 640. Piga hesabu mwenyewe, ni shilingi 768,000. Desemba ile karatasi ilikuwa bado iko kwenye kopo la kahawa juu ya kabati, imekunjwa mara nne. Mnunuzi alishaahidi tarehe tatu tofauti, zote zikapita.

Asubuhi ya Krismasi mjomba akanipa simu yake ya kitochi nimsomee meseji, manake maandishi yale madogo yalishaanza kumshinda. Ilitoka Dar es Salaam kwa kaka yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, ambaye kwa mjomba ni mpwa wake wa damu kama mimi. Iliandikwa hivi, naikumbuka kwa sababu nami niliipata ile ile:

"Kheri ya Krismasi na Mwaka Mpya. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Mwenyezi Mungu akujaalie wewe na familia yako afya, amani na mafanikio tele."

Mjomba akakaa kimya kidogo. Halafu akauliza, "Mbivu zipi?" Akanyamaza tena. "Kwani mimi nimefanya fujo wapi mpaka niambiwe nivumilie?"

Sasa tuichambue hii kitaratibu, msikimbilie kusema mzee alikuwa na hasira zake. Methali ya "mvumilivu hula mbivu" ina watu wawili ndani yake. Kuna anayesubiri na kuna anayemtazama akisubiri. Ukiitamka bila kusema wewe uko upande gani, umeshajiweka upande wa anayetazama. Tena inabeba lawama kwa chinichini: mvumilivu hula mbivu, kwa hiyo wewe usiyekula, angalia uvumilivu wako. Kwa mtoto anayetaka kuacha shule hiyo lawama ina kazi, inamshika shati. Kwa mzee aliyelima, akapalilia, akapuliza dawa, akachuma, akabeba, akapimiwa, na sasa anadai, ni tusi lililovaa kanzu. Alichobakiza kufanya ni kusubiri tu, na anasubiri. Unamwagiza nini tena?

Halafu kuna suala la umri, na hapa ndugu zangu wa kampasi mnaniudhi sana. Methali ya kuonya au kuagiza kwetu inashuka, haipandi. Bibi anampa mjukuu, baba anampa mwana, mwalimu anampa mwanafunzi. Kijana akitaka kuipandisha kwa mkubwa wake anatakiwa aivulishe viatu kwanza, ndo maana lile neno "wahenga walisema" lipo. Kazi yake ya asili ni adabu: si mimi ninayekufundisha mzee wangu, nanukuu tu waliokuwa wakubwa kuliko sisi sote. Ni neno zuri kabisa kwenye kikao cha ukoo, kijana akisimama kutoa hoja mbele ya wazee. Lakini kwenye meseji ya sikukuu siku hizi limekuwa kama mhuri wa ofisi. Linagongwa kwa sababu nafasi ya kugonga ipo. Na kaka yangu aliligonga kwa mjomba bila hata kuandika neno "Mjomba" au "Shikamoo". Aliwakumbuka wahenga akamsahau mzee.

Tungeishia hapo, yule mwenzangu wa Songea angeshinda kesi. Lakini siku ile ile, kama saa nne, mjomba alinituma dukani niende naye kuchukua chumvi. Mwenye duka ni Mwislamu, mtu wa makamo, na mjomba alikuwa na ukurasa wake kwenye daftari la madeni tangu mwezi wa nane: unga, sukari, mafuta ya taa, madaftari ya watoto. Yaani kila mtu aliyekuwa na ile karatasi ya pamba alikuwa na ukurasa kwenye lile daftari. Mjomba alivyokaribia nilimwona anapunguza mwendo, kama mtu anayetafuta la kusema. Mwenye duka akamwahi.

"Krismasi njema mzee mwenzangu! Subira yavuta heri, na mimi nasubiri pamoja na wewe. Haya, watoto wale nini leo? Chukua na sukari kilo mbili, tutaandika."

Mjomba alicheka. Alicheka mpaka akamshika mkono yule bwana kwa mikono miwili.

Hebu niambieni, "subira yavuta heri" ni mpya? Imechakaa kuliko ile nyingine! Ipo kwenye madaladala, ipo kwenye kanga, ipo kwenye kuta za vibanda vya chipsi. Na kwa maana ni ndugu yake mvumilivu, wote wanahubiri kitu kimoja. Asubuhi mzee anaambiwa avumilie anakasirika, saa nne anaambiwa asubiri anacheka. Kama tatizo lingekuwa kuchakaa, angekasirika mara mbili.

Tofauti iko kwenye ule mkia: "na mimi nasubiri pamoja na wewe". Maneno sita tu, lakini yanaijibu ile hoja ya nani anayevumilia. Mwenye duka hakuwa mtazamaji. Hela ya pamba isipofika kwa mjomba, haifiki kwake. Kwa hiyo subira aliyoitaja ilikuwa ni subira yake mwenyewe, anaigawa, na akaongeza kilo mbili za sukari juu yake ili pasiwe na shaka. Methali ile ilimgharimu aliyeisema. Ile ya Dar ilimgharimu aliyeisoma.

Na mtaniambia, sasa si kila mtu ana duka. Sawa. Mkia hauhitaji sukari. Yule kaka yangu angeandika, "Shikamoo mjomba, Krismasi njema. Nimesikia ya pamba bado, na huku kiwandani nasi tumekatwa, tunavumilia wote," hapo methali ingekuwa imeshaingia bila hata kutajwa, na mzee angeielewa. Ikiwa kweli, lakini. Usimdanganye mzee kwamba unasota naye wakati juzi umeweka picha uko ufukweni na soda ya baridi.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna wanaosema tabia hii ya kumalizia salamu na methali tumeiga mitandaoni. Hapana. Ni ya zamani, na ilikuwa na mahali pake. Waulizeni wazazi wenu kuhusu kadi za salamu za redioni. Enzi za Redio Tanzania, na kwa sisi wa Kanda ya Ziwa baadaye Radio Free Africa ya Mwanza, mtu alinunua kadi, akaandika jina lake na anakoishi, akaandika majina ya watu anaowasalimu, na chini kabisa kulikuwa na mstari wa ujumbe. Huo ujumbe mara nyingi ndo ulikuwa methali. "Ujumbe wao unasema, umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu." Mtangazaji anasoma, inakuja kadi nyingine, na nyingine, ujumbe ule ule wa umoja ni nguvu unasomwa hata mara tatu asubuhi moja, wala hakuna aliyelalamika!

Kwa nini haukuchosha? Kwa sababu pale methali haikuwa salamu. Salamu ilikuwa majina. Mama anakaa na redio ya betri, anasubiri, anasikia jina lake linatajwa nchi nzima, na la jirani yake, na la shemeji yake wa Maswa. Joto lote lilikuwa kwenye yale majina, na kwenye kujua kwamba kuna mtu alitoa hela ya kadi, akakaa chini akawaza nani na nani niwaandike. Methali ilikuja mwishoni kama kufunga mlango taratibu, ili mtangazaji asikatishe ghafla. Ilikuwa na ruhusa ya kuwa ya kawaida kwa sababu kilichotangulia hakikuwa cha kawaida.

Tulichofanya sisi kizazi cha wasapu ni kuchukua ile kadi, tukafuta majina, tukabakiza ujumbe. Halafu tunashangaa kwa nini imepoa. Mlango unafungwa kwa taratibu zote na ndani hakuna mtu.

Nije kwenye dua, maana ndugu yangu wa Tanga atasema nimeikwepa. Dua ina utaratibu wake tofauti na methali. Methali inasema dunia ilivyo. Dua inaomba, na kuomba kuna kitu kinachoombwa. "Mungu akujaalie..." akujaalie nini? Hapo ndo dua inapopatia uhai au inapokufia mkononi. Ukisema afya, amani, furaha, mafanikio na maisha marefu umeomba vyote, na mtu aliyeombewa vyote anajua hukumkumbuka kwa lolote. Ukiomba kitu kimoja, anajua ulikaa ukamwaza.

Mfano kwetu Bariadi. Krismasi inakuta pamba ndo kwanza imechomoza, ina majani machache, mtu amepanda na mbegu ya mkopo na anatazama juu. Mvua ikikata wiki mbili tatu hapo, anarudia kupanda au anaacha. Sasa ukimwandikia mkulima wa Ngulyati, "Krismasi njema baba, Mungu aishike mvua isikatike mpaka mmalize palizi," umemwombea jambo ambalo yeye mwenyewe aliliomba asubuhi ile akiwa anapiga mswaki. Hata Amina yake inakuwa na uzito mwingine. Lakini dua hiyo hiyo ukiituma Juni, pamba nyeupe iko shambani inasubiri kuchumwa, umemwombea hasara, kwa sababu mvua wakati huo inaichafua. Dua ina msimu kama mbegu.

Kosa la namna hii ndo nalionaga kila mwaka kwenye Idi, tena linafanywa na wasomi wenzangu. Idi el-Fitri inakuja baada ya funga, kwa hiyo kumwambia jirani "Idi Mubarak, Mungu azipokee funga zenu" ni dua iliyolenga, inataja kazi ambayo mtu ameimaliza jana yake. Mjomba alimwambia hivyo yule mwenye duka Mei 2020, kwa Kiswahili chake cha Kisukuma, na yule bwana aliniambia baadaye kwamba hakuna salamu iliyomgusa kama ile mwaka huo, kwa sababu aliyeitoa siyo Mwislamu na bado alijua cha kuomba. Sasa subirini Idi kubwa, ile ya kuchinja. Meseji ile ile ya funga inaibuliwa kutoka kwenye simu inatumwa tena: Mungu azipokee funga zenu za mwezi mzima. Mwezi upi jamani?! Ramadhani imepita zaidi ya miezi miwili iliyopita. Mtu anaisoma, anatabasamu, anajibu "Amina, ahsante", na moyoni anajua hukumtumia yeye, umetumia kalenda.

Hapa kampasi vivyo hivyo. Tuna mwenzetu aliyekuwa na sapu mbili, Mwaka Mpya umemkuta anakariri. Kundi la darasa likamimina baraka: mwaka wa neema, mwaka wa kuinuliwa, mwaka wa kuvuka mipaka. Akatoka kundini. Mtu mmoja akamwandikia pembeni, "Heri ya mwaka mpya. Mungu akuvushe hizi mbili, na kitini cha takwimu ninacho, njoo uchukue." Nani alimbariki? Na ona, hata hapo dua imepata mkia.

Nikiulizwa utajuaje kama salamu yako imekwenda au imeanguka, mi natazama jibu. Salamu iliyopoa inajibiwa "Amina, na kwako pia." Basi, mlango umefungwa. Mtu hana la kuongeza kwa sababu hukumpa pa kushika. Iliyo na joto inajibiwa na habari: mvua imenyesha jana, mtoto amepona, karatasi bado iko kwenye kopo. Kwetu tumelizoea hilo hata kwenye salamu za kila siku. Ukisema mwangaluka asubuhi hujamaliza, utaulizwa mhola, habari, na ukishasema ni mhola ndo yanakuja ya ng'ombe, ya shangazi na ya mtaro uliobomoka. Salamu kwa Msukuma ni mlango wa kuingilia. Sasa mtu anakuja na aya ndefu yenye Amina yake mwenyewe mwishoni, unamjibu nini? Ameshajiitikia.

Kwa sababu hiyo kuna matumizi moja ya methali kwenye sikukuu ambayo nayapenda na sijui kwa nini yamefifia. Ni kuitoa nusu. Methali nyingi za Kiswahili zimejengwa kwa vipande viwili, na zamani za bibi mmoja alisema cha kwanza mwingine akaitikia cha pili. Desemba iliyopita nilimwandikia mama, "Shikamoo mama. Mcheza kwao..." nikaishia hapo. Haikupita dakika, "Marahaba. Hutunzwa! Unakuja na basi la lini?" Maneno yamechakaa, nakubali, lakini nilimwachia yeye ayamalize. Tena pale methali ilikuwa inapanda kutoka kwa mtoto kwenda kwa mama na haikumkera, kwa sababu haikumfundisha kitu. Ilikuwa inaomba kuku. Hiyo ndo methali mtoto anayoruhusiwa kumpelekea mkubwa wake siku ya sikukuu: ya kujiombea au ya kujicheka, siyo ya kumwelekeza.

Kuna wanaoona dawa ni kutafuta methali adimu. Jamaa mmoja wa mwaka wa kwanza alimtumia babu yake wa Nkololo ile ya "mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani", akimaanisha anarudi nyumbani likizo. Ni methali tamu sana. Lakini tezi ni nyuma ya chombo cha baharini, omo ni mbele yake, na ngama ni kule chini ndani yake. Mzee wa Nkololo chombo anachokijua ni mkokoteni. Alimpigia simu mwalimu wa shule ya msingi kuuliza mjukuu kapatwa na nini. Sisemi methali za pwani zibaki pwani, lugha ni yetu sote, na "haba na haba hujaza kibaba" inaeleweka hata kwa mimi ambaye nimekua na sado na debe. Nasema uadimu haugeuki kuwa upendo. Yule wa Nkololo angeandika "babu nakuja Jumamosi, niwekee michembe", babu angelala na simu kifuani.

Najua hoja mtakayonirushia, nishaisikia chumbani: nina namba mia tatu kwenye simu, kila mmoja nimwandikie habari zake? Hapana, wala usijaribu. Kwa hao mia mbili na tisini andika "Krismasi njema" na jina la mtu. Ni salamu kamili, haina deni, na hapo namkubalia mwenzangu wa Songea. Methali na dua zibakie kwa wale kumi ambao unajua wana nini mwaka huu: aliyelima, aliyefiwa, anayedai, anayesapu, aliyejifungua. Kwa aliyefiwa mwaka huo huo, mi hata methali siipendi. "Baada ya dhiki faraja" kwa mama aliyezika Septemba ni haraka mno, anaisikia kama unamwambia amalize kulia kabla ya mwaka kuisha. Mpigie. Sema "Krismasi njema mama, najua leo nyumba ina pengo," unyamaze naye kidogo hapo kwenye simu.

Naomba kuwasilisha. Wa Tanga na wa Songea wote wanasoma humu, uwanja ni wenu, nasubiri matusi. Ila atakayenijibu aweke jina langu juu.